Kusoma mchoro wa ngazi za nishati za hidrojeni: mpito wa n = 4 kwenda n = 2

Swali: "Nimepewa mchoro wa ngazi za nishati za atomu ya hidrojeni, wenye −13.6, −3.40, −1.51 na −0.85 eV, nami natakiwa kutafuta urefu wa wimbi la mwanga unaotoka elektroni inaposhuka kutoka n = 4 hadi n = 2. Nikitumia 3.40 peke yake napata nanomita 365; nikijumlisha 3.40 na 0.85 napata 292. Kitabu kinasema 486. Nakosea wapi, na nitatambuaje mwenyewe kwamba jibu nililopata si sahihi?"

Jibu:

Ndugu msomaji, kitabu kiko sahihi, lakini namba zako mbili zinastahili kuchunguzwa kabla ya kufutwa, kwa sababu kila moja inaonyesha waziwazi mahali ulipoteleza kwenye mchoro. Nanomita 365 ni urefu wa wimbi wenye maana kubwa katika hidrojeni, ingawa si wa mpito ulioulizwa. Nanomita 292 haitoki katika mshale wowote unaoweza kuchorwa kati ya ngazi mbili za atomu hii. Ili uyaone hayo bila kufungua kurasa za majibu, inatupasa kwanza tuelewane juu ya kile kinachopimwa na namba zilizoandikwa kando ya ngazi.

Sifuri ya mchoro huu iko juu, wala haiko chini. Wanafizikia wamekubaliana kwamba elektroni iliyo mbali kabisa na protoni, ikiwa imetulia na haivutwi tena, ihesabiwe kuwa na nishati ya sifuri. Elektroni iliyofungwa na protoni ina nishati pungufu ya hapo, na ndiyo sababu ngazi zote zina alama ya kutoa. Ni kama kupima kina cha kisima kuanzia mdomoni: usawa wa ardhi ni sifuri, na kadiri unavyoshuka ndivyo namba inavyozidi kuwa hasi. Kwa hiyo −3.40 eV kwenye ngazi ya pili haisemi kwamba elektroni imebeba elektronivolti 3.40 inazoweza kuzitoa kama mwanga; inasema kwamba ukitaka kuing'oa elektroni hiyo na kuiacha huru, utalazimika kuipa elektronivolti 3.40. Vivyo hivyo, elektroni iliyoko kwenye ngazi ya nne inahitaji 0.85 tu ili iachane na protoni, na iliyoko kwenye ngazi ya chini kabisa inahitaji 13.6.

Namba hizo zote huzaliwa na kanuni moja fupi, ambayo Niels Bohr aliipa msingi wa kinadharia mwaka 1913:

```
E(n) = −13.6 eV / n²
```

Gawanya 13.6 kwa 4 upate 3.40, kwa 9 upate 1.51, kwa 16 upate 0.85. Kwa kuwa kigawanyo ni mraba wa n, ngazi ya kwanza imejitenga mbali sana chini, halafu zinazofuata zinazidi kukaribiana hadi zinasongamana chini ya mstari wa sifuri. Mchoro mzuri huuonyesha msongamano huo kwa kipimo halisi. Mchoro unaopanga ngazi kwa nafasi sawasawa, kama ambavyo vitabu kadhaa hufanya ili kuokoa nafasi, humdanganya msomaji, kwa maana macho yake hayawezi tena kulinganisha mishale.

Sasa tuje kwenye mwanga. Atomu haiwezi kuwa na elektroni iliyosimama kati ya ngazi mbili, kwa hiyo elektroni inapoiacha ngazi ya nne na kukaa kwenye ya pili, nishati yote iliyopungua hutoka kwa mara moja, ikiwa imebebwa na fotoni moja. Fotoni hiyo haina habari ya umbali kati ya ngazi na sifuri. Inachobeba ni tofauti kati ya mahali elektroni ilipokuwa na mahali ilipofikia. Kwenye mchoro, nishati ya fotoni ni urefu wa mshale wenyewe, kutoka mstari wa juu hadi mstari wa chini:

```
ΔE = E(4) − E(2) = −0.85 − (−3.40) = 2.55 eV
```

Hapa ndipo alama ya kutoa inapowatatiza wengi. Kutoa namba hasi ni sawa na kujumlisha, na mwanafunzi anayekumbuka kanuni hiyo nusunusu huondoa alama zote mbili za kutoa na kubaki na 0.85 + 3.40. Ukiangalia mchoro, shaka hiyo inaondoka: ngazi zote mbili ziko upande mmoja wa sifuri, moja ikiwa chini yake kwa 0.85 na nyingine kwa 3.40, basi pengo lililo kati yao haliwezi kuwa kubwa kuliko 3.40. Kujumlisha kungekuwa sawa tu kama ngazi moja ingekuwa juu ya sifuri na nyingine chini yake, na hidrojeni haina ngazi kama hizo juu ya sifuri.

Baada ya kupata 2.55 eV, kazi iliyobaki ni kubadili nishati ya fotoni iwe urefu wa wimbi. Uhusiano wake ni λ = hc/ΔE, ambapo h ni namba thabiti ya Planck na c ni kasi ya mwanga. Tukifanya hesabu kwa vipimo vya kimataifa, lazima nishati iwe katika jouli, kwa sababu h imeandikwa kwa jouli. Elektronivolti moja ni jouli 1.602 × 10⁻¹⁹, kwa hiyo:

```
ΔE = 2.55 × 1.602 × 10⁻¹⁹ J = 4.085 × 10⁻¹⁹ J
hc = 6.626 × 10⁻³⁴ × 2.998 × 10⁸ = 1.986 × 10⁻²⁵ J·m
λ  = 1.986 × 10⁻²⁵ / 4.085 × 10⁻¹⁹ = 4.86 × 10⁻⁷ m
```

Hizo ni nanomita 486, sawa na kitabu chako. Unapoandika mstari wa mwisho kwenye kikokotoo, hakikisha namba yote ya chini, pamoja na kipeo chake, iko ndani ya mabano. Vinginevyo kikokotoo hugawanya kwa 4.085 kisha huzidisha kwa 10⁻¹⁹, na jibu linakuwa na kipeo kisichoeleweka kabisa.

Wanaofanya hesabu hizi mara kwa mara huepuka jouli. Wanachukua hc na kuieleza moja kwa moja kwa elektronivolti na nanomita, nayo inakuwa takriban 1240 eV·nm. Hesabu nzima basi inabaki 1240 ÷ 2.55 = 486. Bila shaka hivyo ndivyo ulivyopata 365 na 292, maana 1240 ÷ 3.40 ni 365 na 1240 ÷ 4.25 ni 292. Njia yako ya kubadili nishati kuwa urefu wa wimbi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika nishati uliyoiingiza. Napendelea njia hii ya mkato kwa sababu hupunguza vipeo vya kubebwa mkononi, lakini ni vizuri mtu aifanye ile ndefu angalau mpaka aone kwamba 1240 si namba ya muujiza, bali ni h na c zikiwa zimebadilishwa vipimo.

Turudi kwenye 365 yako. Ulipochukua 3.40 peke yake, ulichora, bila kukusudia, mshale unaoanzia kwenye mstari wa sifuri na kuishia kwenye ngazi ya pili. Mpito huo upo kweli: ni elektroni iliyokuwa huru na karibu imetulia, ikinaswa na protoni na kutua moja kwa moja kwenye n = 2. Huo ndio mshale mrefu kuliko yote inayoanzia sifuri au chini yake na kuishia kwenye ngazi hiyo, kwa hiyo fotoni yake ina nishati kubwa kuliko zote za kundi hilo na urefu mfupi kuliko wote wa wimbi. Mshale mfupi kuliko yote unaoishia hapo hapo unatoka n = 3, wenye nishati ya 3.40 − 1.51 = 1.89 eV, nao unatoa nanomita 656. Mwanga wa atomu ukitawanywa kwa rangi zake ili kupata spektra, kila mshale huonekana kama mstari mmoja wa mwanga; mistari yote ya mishale inayoishia kwenye ngazi ya pili imebanwa kati ya namba hizo mbili, 656 na 365, na hapo ndipo unapopata kipimo ulichokiomba. Jibu lolote la mpito unaoishia n = 2 likitoka nje ya mipaka hiyo, si sahihi, hata kama kila hatua ya hesabu inaonekana safi. Ile 292 inaanguka hapo mara moja, na 365 yenyewe iko ukingoni kabisa, ikimaanisha kwamba mshale wako ulianzia sifuri badala ya ngazi ya nne.

Mistari hiyo huitwa mfululizo wa Balmer. Johann Balmer, mwalimu wa hisabati mjini Basel, Uswisi, alichukua mwaka 1885 urefu wa wimbi wa mistari minne ya hidrojeni inayoonekana kwa macho, ambayo Anders Ångström alikuwa ameipima kwa uangalifu mkubwa, akatafuta kanuni itakayoiunganisha. Hakukuwa na nadharia ya atomu iliyomwongoza. Elektroni yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa. Kanuni aliyoipata ilikuwa hivi:

```
λ = 364.56 nm × n² / (n² − 4)
```

Tazama namba iliyoko mbele: 364.56. Ni ile ile 365 yako, yaani mpaka ambao mistari inausogelea n inapoongezeka bila kikomo. Weka n = 4, na kanuni inasema uzidishe mpaka huo kwa 16/12, yaani kwa 4/3. Matokeo ni nanomita 486.08. Jibu lako lisilo sahihi lilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye lililo sahihi, na mchoro unaeleza sababu: ngazi ya nne iko chini ya sifuri kwa robo ya kina cha ngazi ya pili, maana 0.85 ni robo ya 3.40. Mshale unaoanzia ngazi ya nne una robo tatu ya urefu wa ule unaoanzia sifuri. Nishati ikipungua kuwa robo tatu, urefu wa wimbi huongezeka kuwa theluthi nne.

Leo tunaandika jambo hilo hilo kwa sura inayofaa mpito wowote, tukitumia namba ya Rydberg:

```
1/λ = R (1/2² − 1/4²),   R = 1.0968 × 10⁷ kwa mita
```

Sehemu iliyoko kwenye mabano ni 1/4 − 1/16 = 3/16, na λ inakuwa 16/(3R), ambayo tena ni nanomita 486. Kuna mtego mmoja hapa. Baadhi ya watu hutoa namba za ngazi kwanza na kuinua baadaye, wakiandika 1/(4 − 2)² badala ya tofauti ya miraba iliyopinduliwa. Wanapata 1/4, na jibu lao linakuwa nanomita 365. Kwa hiyo ukiona 365 katika kazi ya mwenzako, usiharakishe kudhani kwamba alitumia 3.40 peke yake. Huenda alikuwa anatumia kanuni ya Rydberg na akakosea mpangilio. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja kwa sababu zote mbili, kihesabu, zimeifuta ngazi ya nne.

Makosa mengine nayo yana alama zake. Anayetumia 0.85 peke yake hupata nanomita 1459, zilizo ng'ambo ya 656 kabisa, katika infraredi isiyoonekana. Anayesahau kubadili elektronivolti kuwa jouli hupata mita 7.8 × 10⁻²⁶, na hapo hahitaji hata mchoro: kiini cha atomu chenyewe kina upana wa takriban mita 10⁻¹⁵, na urefu wa wimbi ulio mdogo kuliko kiini kwa zaidi ya mara bilioni hauwezi kuwa mwanga unaoonekana kupitia kioo cha maabara. Anayetoa kwa mpangilio uliogeuzwa hupata −2.55 eV. Alama hiyo ya kutoa ina maana, kwani inasema kuwa atomu imepoteza nishati, lakini urefu wa wimbi hauwezi kuwa hasi. Chukua ukubwa wa pengo, na uache mwelekeo wa mshale ueleze kama mwanga umetolewa au umemezwa. Mshale unaoshuka ni wa mwanga unaotoka. Mshale unaopanda kutoka ngazi ya pili hadi ya nne ungekuwa wa mwanga unaomezwa, na urefu wake wa wimbi ungekuwa ule ule, nanomita 486.

Kuna kipimo cha pili ambacho napenda zaidi, kwa sababu kinatumia mchoro wote badala ya mfululizo mmoja. Elektroni iliyoshuka kutoka ngazi ya nne hadi ya pili bado haijafika chini. Baadaye itashuka kutoka ya pili hadi ya kwanza na kutoa fotoni nyingine. Atomu nyingine iliyoanzia n = 4 inaweza kushuka moja kwa moja hadi n = 1. Njia zote mbili zinaanzia na kuishia mahali pamoja, kwa hiyo nishati iliyotoka lazima iwe sawa: 2.55 + 10.2 = 12.75 eV, na mshale mmoja mrefu nao ni 13.6 − 0.85 = 12.75 eV. Hesabu zikikataa kulingana namna hii, kuna ngazi umeisoma vibaya.

Lakini jihadhari usihamishie ujumlishaji huo kwenye urefu wa wimbi. Fotoni ya 2.55 eV ni nanomita 486, ya 10.2 eV ni nanomita 122 hivi, na ya 12.75 eV ni nanomita 97 tu. Mshale mrefu umetoa wimbi fupi kuliko yote mawili, wala haukutoa 486 + 122 = 608. Kinachojumlishika ni 1/λ: jumlisha 1/486 na 1/122, kisha pindua jumla hiyo, utarudi kwenye 97 hivi. Walther Ritz alilitangaza jambo hili mwaka 1908, miaka mitano kabla ya Bohr, akiwa ameliona katika vipimo vya mistari ya spektra bila mchoro wowote wa ngazi. Mchoro wa ngazi, kwa kweli, ndio maelezo ya kanuni yake: vitu vinavyojumlishika ni urefu wa mishale, na urefu wa mshale unalingana na 1/λ.

Hapo pia ndipo swali linapoweza kusomwa vibaya. Ukiambiwa "elektroni inashuka kutoka n = 4 hadi n = 2", umepewa mshale mmoja na jibu ni moja. Ukiambiwa "atomu nyingi za hidrojeni ziko kwenye n = 4; taja urefu wote wa mawimbi unaoweza kutoka", mishale inayowezekana ni sita: 4 kwenda 3, 2 na 1; 3 kwenda 2 na 1; na 2 kwenda 1. Katika sita hizo, ni miwili tu inayotoa mwanga unaoonekana, nayo ni ile inayoishia kwenye ngazi ya pili: 656 yenye rangi nyekundu na 486 yenye buluu inayoelekea kijani. Mishale yote inayoishia kwenye ngazi ya kwanza ni mirefu mno, na mwanga wake ni wa urujuanimno. Ule wa 4 kwenda 3 ni mfupi mno, takriban 0.66 eV, na wimbi lake liko katika infraredi, karibu na nanomita 1875. Swali likisema "taja rangi ya mwanga" na jibu lako likawa 1875, ujue umeishia kwenye ngazi isiyo sahihi.

Kuna jambo moja kuhusu mpaka wa 365 ambalo sitaki likupotoshe utakapoangalia spektra halisi ya hidrojeni yenye joto kali. Utakuta mwanga hata upande mfupi wa 365. Huo hautoki kwenye mistari. Unatoka kwa elektroni huru zilizokuwa na mwendo kabla ya kunaswa, ambazo nishati yao ilikuwa juu ya sifuri kwa kiasi chochote kile. Kwa kuwa mwanzo wao hauna ngazi maalumu, mwanga wao hutandazika mfululizo bila mistari. Katika maswali ya mchoro, ambapo mshale unatoka ngazi hadi ngazi, mpaka wa 365 unabaki imara.

Sasa kuhusu usahihi, kwa maana utakutana na thamani zinazotofautiana kidogo na utajiuliza ipi ni ya kweli. Ukitumia R iliyo kwenye jedwali za namba thabiti, 1.09737 × 10⁷ kwa mita, utapata 486.01. Ukitumia R ya hidrojeni yenyewe, 1.09678 × 10⁷, utapata 486.27. Jedwali za maabara huandika 486.13. Zote tatu zina maana. Ya kwanza inachukulia kwamba protoni ni nzito kiasi kwamba haitikisiki kabisa. Ya pili inazingatia kwamba protoni, ambayo ni nzito kuliko elektroni kwa takriban mara 1836, nayo husogea kidogo. Ya tatu ni urefu wa wimbi hilo hilo likipimwa hewani badala ya kwenye ombwe, kwa maana hewa hufupisha mawimbi ya mwanga kwa karibu sehemu 3 katika 10,000. Kwa swali lililotumia −0.85 na −3.40, tarakimu tatu zinatosha, na 486 ni jibu kamili. Kuandika 486.27 kutoka kwenye namba hizo kungekuwa kudai usahihi ambao mchoro haukukupa.

Tofauti ya kutikisika kwa kiini si jambo la kupuuzwa mahali pengine. Mwaka 1931 Harold Urey na wenzake walitafuta hidrojeni nzito, ambayo kiini chake kina uzito wa karibu mara mbili ya protoni. Kiini hicho kizito hutikisika kwa karibu nusu tu ya kile chepesi, hivyo ngazi zake ziko chini kidogo, mishale yake ni mirefu kidogo, na mstari wake wa 486 unasogea kwa takriban nanomita 0.13 kuelekea upande mfupi. Waliuona mstari huo hafifu kando ya ule wa kawaida, mahali hasa ambapo hesabu ilisema ungekuwa, na hivyo ndivyo deuteri ilivyogunduliwa.

Mchoro huu una mpaka wa matumizi. Kanuni ya 13.6/n² ni ya atomu yenye elektroni moja tu. Heli iliyopoteza elektroni moja bado inaifuata, ila 13.6 inazidishwa kwa mraba wa namba ya protoni, yaani kwa 4, kwa hiyo mshale wa 4 kwenda 2 katika heli hiyo ni 10.2 eV, sawa na ule wa 2 kwenda 1 katika hidrojeni. Heli yenye elektroni zake zote mbili haiifuati, kwa sababu elektroni zinasukumana. Ukipewa mchoro wa ngazi za sodiamu au zebaki, usijaribu kuzalisha namba zake kwa kanuni hii. Zisome zilivyoandikwa, toa moja kwa nyingine, na ugawanye 1240 kwa tofauti hiyo, kwani hatua hiyo ya mwisho ni ya fotoni na haijali ni atomu gani iliyoitoa.

La mwisho linahusu ngazi za juu, ambako hata mtu anayetoa vizuri hupata jibu lisilo sahihi. Pengo la 2.55 eV ni kubwa, na kukadiria ngazi kwa desimali mbili hakuliathiri. Lakini tuseme umepewa mpito wa n = 6 kwenda n = 5, na mchoro umeandika −0.38 na −0.54. Tofauti ni 0.16 eV, na 1240 ÷ 0.16 ni nanomita 7750. Thamani halisi ni takriban 7460. Hukukosea hatua yoyote. Namba mbili zilizokadiriwa zilikuwa karibu sana, na ulipozitoa, kosa dogo la kukadiria lilibaki likiwa sehemu kubwa ya kile kilichosalia. Katika mipito ya namna hiyo, acha namba zilizoandikwa kwenye mchoro, rudi kwenye miraba, na ukadirie mwishoni tu: 13.6 × (1/25 − 1/36) ni 0.1662 eV, na 1240 ÷ 0.1662 inakupa 7460.